Kodi Imo Ndani au Iko Nje?

Mimi si mtu wa subira na karatasi mbovu. Steshenari yangu iko Bariadi, upande wa stendi, na wateja wananijua: mtu akiniletea barua ya kuomba kazi iliyokunjwa mara nane nitaichapa, lakini kwanza nitamsema. Nimetoka Tanga, kwetu maneno hayatozwi ushuru. Watu wa huku wamenizoea. Wananiita Mswahili, wanacheka, wanalipa, wanaondoka.

Mtu mmoja tu sikuwahi kumsema, wala kumtazama, naye ni mama mkwe wangu.

Katika ukoo wa Kisukuma niliooa, mwanamume na mama wa mke wake hawazoeani. Hawapeani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Mkikutana njiani mmoja anapisha pembeni, mnasalimiana huku kila mtu anaangalia majani, mnapita. Ukiwa na neno unalipitisha kwa mtu mwingine. Mwanzoni niliona kama nimechukiwa. Mke wangu alinicheka, akanieleza kwamba ni kinyume chake: mama yake ananiheshimu kiasi cha kutotaka kuniona. Nikazoea. Kwa kweli nilianza hata kuipenda hali hiyo, maana nasikia huko kwingine wakwe wanagombana.

Kwa hiyo asubuhi ile dereva wa bodaboda alipoingia dukani na bahasha mkononi akasema, "Kaka, kuna mama barazani anasema wewe ni mkwe wake, nikupe hii," nilishtuka. Hajawahi kufika dukani kwangu. Mambo yake yote yalipitia kwa mke wangu, na mke wangu siku hiyo alikuwa zamu katika zahanati moja huko Lamadi, simu imefungiwa kabatini kama kawaida ya zamu.

Nilichungulia kwa pembe ya jicho. Alikaa kwenye benchi la barazani, ameupa mlango mgongo, kitenge kimepanda hadi kisogoni, kikapu cha ukindu miguuni.

"Mwangaluka, mayu," nilisema, nikiangalia mashine ya fotokopi.

"Mwangaluka, baba," alijibu, akiangalia barabara.

Hapo tukawa tumemaliza yote tuliyoruhusiwa kusemezana.

Nilifungua bahasha. Mama mkwe anapika. Ana masufuria ya kulisha harusi mbili kwa mkupuo, ana turubai, ana viti, ana mashine yake ya kutolea risiti, na alijiandikisha kodi ya VAT pale alipoona ofisi kubwa hazimpi kazi bila hiyo. Si mtu wa kubahatisha. Ila ankara zake siku zote alikuwa anaandikiwa na karani mmoja ambaye sasa amehamia Mwanza, na safari hii alikuwa ameiandika mwenyewe, kwa mkono, kwenye karatasi ya daftari, kama anavyosimulia jambo:

"Tulilisha semina ya mabwana shamba siku tatu, watu sitini. Asubuhi chai na vitafunwa, elfu tano mtu, siku zote tatu wote walikunywa. Mchana wali na nyama, elfu kumi na mbili mtu, ila siku ya tatu watu kumi wa Meatu waliondoka baada ya chai kwa hiyo mchana walikula hamsini. Maji katoni tano kila siku, katoni elfu nane. Turubai mbili na viti sitini, vyote kwa pamoja laki moja kwa siku. Gari la kupeleka chakula na kurudisha vyombo elfu sitini kwa siku. Siku ya pili tulichinja mbuzi wawili wa nyongeza kwa sababu wageni walikuwa wamefurahi. Tunaomba malipo yetu. Wabeja."

Chini yake kulikuwa na mstari wa kalamu nyingine, mwandiko wa mhasibu wa lile shirika lililoendesha semina: "Haipokelewi. Leta ankara kwenye jedwali: idadi, bei, jumla ya kila mstari, kodi, jumla kuu. Mradi unafungwa leo."

"Amesema nini tena?" nilimuuliza boda, maana nilijua amepewa na maneno ya mdomoni.

Boda alijikuna shingo. Alikuja kwangu kutoa kopi ya leseni tu, sasa amegeuka mshenga. "Anasema mhasibu anasafiri mchana kwenda Mwanza kufunga hesabu. Ankara isiyoingia kabla hajaondoka hailipwi tena, hela inarudi kwa wafadhili. Na anasema…" aligeuka kutazama baraza, akashusha sauti, "anasema mchele na nyama alikopa. Aliyemkopesha kashika LPO yake, ile hati ya oda ya shirika, na wamekubaliana hela isipotoka leo, kesho apeleke lori Mwamapalala achukue wale ng'ombe."

Sikuhitaji kuuliza ng'ombe gani. Ng'ombe wale niliwatoa mimi.

Wako kwa kaka yake huko Mwamapalala, mahari ya mke wangu. Mimi mtoto wa Tanga nisiyejua hata kumshika ng'ombe pembe, nilichapa karatasi za watu miaka mpaka nikawanunua, na siku ya kuwakabidhi wajomba waliwazunguka wakiwakagua meno na kwato kama wanakagua roho yangu. Wamezaa tangu wakati ule. Mama mkwe hakuuza hata ndama, kwa sababu hao ndio watakaomwolea mdogo wa kiume wa mke wangu, na upande wa binti walishaanza mazungumzo. Ng'ombe wakipanda lori, hiyo ndoa haipo. Na mimi je, heshima yangu yote katika ukoo ule si imesimama kwa miguu ya ng'ombe wale?

Nilivuta kiti, nikafungua kompyuta.

Watu hudhani kugeuza maneno kuwa jedwali ni kupiga mistari. Mistari ni kazi ya dakika moja. Kazi ni kuikamata kila sentensi na kuiuliza maswali yale yale: ni kitu gani, ni vingapi, kimoja shilingi ngapi, na je bei hiyo ni ya mtu, ya siku, au ya vyote? Sentensi inaweza kusema mambo matatu kwa pumzi moja na msikilizaji akaelewa. Jedwali halina pumzi. Kila kisanduku kinataka namba moja.

Chai: sitini mara siku tatu, mia moja themanini. Chakula cha mchana hapo ndipo mtu mvivu angeanguka, angeandika mia moja themanini tena. Mimi nilikigawa mistari miwili, siku mbili za watu sitini na siku moja ya hamsini, ili yeyote atakayekagua aone wale kumi wamekwenda wapi. Turubai na viti nilivifunga pamoja, idadi tatu, maana laki moja ilikuwa ya siku na si ya kiti. Gari pia tatu, si sita, kwenda na kurudi kulikuwa ndani ya elfu sitini ile ile. Mbuzi niliwaacha nje. Wa nyongeza ni wa nyongeza, nilijiambia, hawana bei.

Jumla ilitoka 3,540,000. Chini yake nikaweka kodi, asilimia kumi na nane, kompyuta ikaleta 637,200. Jumla kuu 4,177,200. Lilikuwa jedwali zuri, nililitazama nikajipenda.

Nilimpa boda nakala aipeleke barazani ikakaguliwe. Alirudi nayo kabla sijakaa sawa.

"Anasema kama mkwe ameandika, ni sawa. Amesaini na kugonga muhuri."

"Amesoma?"

"Hajatoa hata miwani."

Nilipaswa kushtuka. Sikushtuka. Nilifurahi, nikaipiga picha na kuituma kwa mhasibu kwenye namba aliyoiandika pembeni, ili aione kabla nakala haijafika. Majibu yalikuja kwa simu ya mama mkwe, naye alikuwa ameiweka sauti ya juu, kwa hiyo tulisikia sote, mimi, boda, na muuza karanga wa jirani.

"Mama, hii ni nini? Hii imezidi LPO kwa mbali sana! Mnataka nifukuzwe kazi? Rekebisheni au niacheni. Mimi nafunga."

Simu ikakata. Nilipiga namba ile ile mara kwa mara, haikupokelewa.

Jasho lilinitoka mahali ambapo sikujua kuna jasho. Imezidi kwa kiasi gani? LPO ingenijibu, lakini LPO ilikuwa dukani kwa mwenye mchele, rehani. Nilirudia mistari yote: sahihi. Nilizidisha kwa mkono: sahihi. Kilichobaki ni kodi. Barua ya mama mkwe ilisema elfu kumi na mbili mtu, haikusema kama hiyo elfu kumi na mbili kodi imo ndani au iko nje. Mimi nikaiweka nje. Kwa nini? Kwa sababu fomu zote ninazochapa zina kodi chini, baada ya jumla. Sikuuliza. Na yeye aliyejua hakusoma, kwa sababu kukagua kazi ya mkwe ni kumkosea adabu. Adabu yangu na adabu yake zilikuwa zimekaa pamoja zikatunga ankara ya uongo.

Kuuliza si ujinga, husema watu waliooa kwao.

"Boda," nilisema, "kamuulize mama: bei zake kodi imo ndani au iko nje?"

Boda alipiga hatua kwenda mlangoni, simu yake ikalia, abiria wake wa kila siku anataka kupelekwa hospitali. "Narudi kaka, narudi sasa hivi," akaruka kwenye pikipiki na kuniacha na vumbi. Muuza karanga alikuwa ameshahama kufuata basi lililoingia. Tukabaki wawili, mimi ndani, yeye barazani, na ukuta wa tofali moja.

Nilikohoa. Yeye naye alikohoa. Nilitamani kulia kwa hasira, nakwambia ukweli. Mtu mzima, msomi wa stashahada, nina swali la maneno sita na mwenye jibu yuko umbali wa mkono, na ng'ombe wangu wanakaribia kupanda lori kwa sababu ya haya.

Sijui nani alinitia wazo lile. Niligeuka kwenye mashine ya fotokopi, nikaweka mkono juu ya mfuniko wake, nikasema kwa sauti:

"Wewe mashine. Hivi mtu akisema chakula elfu kumi na mbili, kodi huwa imo ndani au iko nje?"

Basi lilipiga honi. Nikaona nimeharibu kila kitu, nimemsemesha mkwe mchana kweupe, na mchekeshaji wa Tanga nimejichekesha mwenyewe. Kisha nikasikia ukindu unalia, kama mtu ameinama akavuta kikapu karibu.

"Wewe kikapu," mama mkwe alisema taratibu. "Mbona kuna watu hawajui? Kwenye kile kimashine changu cha risiti nikipiga elfu kumi na mbili, kinatoa elfu kumi na mbili. Kodi kinaichota humo humo ndani. Na wale wa semina niliwaambia hivyo hivyo tangu siku ya kupatana, wakakubali."

"Mashine," nilisema, "kwa hiyo bei zote zile, chai, maji, turubai, gari, zote kodi imo?"

"Kikapu, zote. Tena ningewezaje kuongeza juu? Wangekimbilia kwa mwingine."

Sasa nilikuwa na jibu, na bado nusura niharibu. Kwa haraka niliichukua ile asilimia kumi na nane ya 3,540,000, zile zile 637,200, nikazitoa kwenye jumla ili nipate thamani isiyo na kodi. Ikabaki 2,902,800. Kitu kikanikereketa. Nikajaribu kurudi nyuma: asilimia kumi na nane ya 2,902,800 ni 522,504. Ukijumlisha unapata 3,425,304. Hairudi kwenye 3,540,000. Laki moja na ushee imepotelea njiani, na kesho mashine ya risiti ya mama ingetoa namba nyingine na ankara namba nyingine.

Nilifumba macho. Kodi ikiwa ndani, ile jumla si mia. Ni mia moja na kumi na nane. Mia ni ya chakula, kumi na nane ni ya serikali, na vyote vimepikwa sufuria moja. Huwezi kuchota kumi na nane kwa mia kutoka kwenye kitu ambacho ni mia na kumi na nane. Nikagawa 3,540,000 kwa 1.18.

Milioni tatu. Kamili, bila hata senti ya mkia. Kodi 540,000. Nikapiga meza kwa kiganja mpaka kalamu zikaruka.

"Kikapu," sauti ya nje iliuliza kwa wasiwasi, "huko ndani kumevunjika nini?"

"Mashine, hakijavunjika kitu. Hesabu imekaa."

Nilichapa upya. Safari hii sikutaka kurudia kosa la adabu. Niliisukuma karatasi kwa rula chini ya mlango wa kimo cha kifua unaotenga duka na baraza, nikairudia mashine yangu. "Mashine, mwambie mwenye ankara hivi: leo heshima ni kukagua. Asisaini kitu ambacho hajasoma. Akikuta kosa aseme, hakuna atakayekasirika."

Nilisikia kasha la miwani likifunguka. Nilisikia pia kidole chake, kikavu, kikiburuta kwenye karatasi mstari kwa mstari, na midomo ikihesabu kwa Kisukuma. Alikaa mstari wa chakula cha siku ya tatu kwa muda mrefu. Alivuka. Alifika chini, akarudi juu.

"Kikapu, mbuzi wangu wako wapi?"

Nilikuwa nimesahau mbuzi. "Mashine, wale walikuwa wa bure. Ankara ni ya vitu vya kulipwa. Mhasibu ni mkali, akiona kitu hakimo kwenye LPO atairudisha tena."

"Kikapu, mimi sitaki hela ya mbuzi. Lakini nyongeza isiposemwa ni kama haikutolewa. Watasema mama yule alituuzia wali. Mimi sikuuza wali tu, nililisha wageni."

Niliangalia saa ya ukutani, nikaiona imekwenda. Moyoni nilisema maneno ya Tanga ambayo siwezi kuyaandika. Mbuzi wawili wa bure walikuwa wanataka kuua ng'ombe wa mahari. Nilitaka kubisha, mdomo ulishafunguka. Lakini nilikuwa nimetoka kumwambia akikuta kosa aseme, na alikuwa amesema. Na zaidi ya hapo, mtu amekaa barazani na ng'ombe wake wote shingoni, bado anadai wageni wake wajue walikirimiwa. Nilimheshimu mpaka nikajisikia vibaya. Nikaongeza mstari.

| Na. | Maelezo | Idadi | Bei (Sh) | Jumla (Sh) |
|---|---|---|---|---|
| 1 | Chai na vitafunwa, watu 60, siku 3 | 180 | 5,000 | 900,000 |
| 2 | Chakula cha mchana, siku ya 1 na 2, watu 60 | 120 | 12,000 | 1,440,000 |
| 3 | Chakula cha mchana, siku ya 3, watu 50 | 50 | 12,000 | 600,000 |
| 4 | Maji, katoni 5 kwa siku, siku 3 | 15 | 8,000 | 120,000 |
| 5 | Turubai 2 na viti 60, kwa siku | 3 | 100,000 | 300,000 |
| 6 | Gari, kwa siku | 3 | 60,000 | 180,000 |
| 7 | Mbuzi wa nyongeza, siku ya 2 | 2 | 0 | 0 |
| | Thamani bila VAT | | | 3,000,000 |
| | VAT 18% (imo ndani ya bei) | | | 540,000 |
| | Jumla kuu | | | 3,540,000 |

Alisoma tena, akasaini, akagonga muhuri mara mbili kwa sababu wa kwanza ulitoka mwepesi. Karatasi ikarudi kwa rula.

Boda naye akarudi, na hapo likazuka jingine. Pikipiki ni moja, na mimi na mama mkwe hatuwezi kupanda kiti kimoja hata dunia iwe inawaka. Boda alitutazama kwa zamu, akaelewa, akaangua kicheko. "Nani anaenda?"

"Kikapu," mama mkwe alisema, "aende aliyeandika. Mimi nitalinda duka."

Niliondoka nikimwachia duka lote, droo ya hela ikiwa wazi. Njiani nilishika bahasha kwa mikono miwili, na boda alinilaumu kwamba simshiki yeye.

Gari la mhasibu lilikuwa limeshawashwa mbele ya ofisi, dereva ndani. Yeye mwenyewe alikuwa anafunga mlango wa ofisi kwa ufunguo. Ni kijana wa Mbeya, mwembamba, macho mekundu ya mtu asiyelala, na nilipomwona nikajua kwamba si mtu mbaya, ni mtu aliyebanwa.

"Ni wewe uliyeleta milioni nne?"

"Nimekuja kuzirudisha," nilisema.

Hakucheka. Alifungua mlango tena, akachukua karatasi akiwa amesimama, akatoa kikokotoo mfukoni. Alianza mstari wa kwanza. Nilimwangalia kidole gumba kama mgonjwa anavyomwangalia daktari. Mstari wa pili. Wa tatu ulimfanya asimame, akafungua jalada, akatoa karatasi ya mahudhurio, akahesabu sahihi za siku ya tatu. Hamsini. Akatoa LPO upande wao: 3,660,000, kodi ikiwemo, watu sitini siku zote tatu. Akatoa jumla yetu kwenye yake. Ikabaki 120,000. Akagawa kwa elfu kumi na mbili.

"Sahani kumi," alisema.

"Wale wa Meatu."

Alikubali kwa kichwa. Akagawa 3,540,000 kwa 1.18, akaona milioni tatu, akaandika alama ya vema pembeni ya kodi. Kisha kidole kikapanda juu kidogo, kikasimama kwenye mstari wa saba.

"Hawa mbuzi hawako kwenye LPO."

"Hawana bei," nilisema. "Ni nyongeza. Kama wanaharibu, nitarudi kuwatoa."

Nilijua hakuna muda wa kurudi. Yeye pia alijua. Nje dereva alipiga honi. Mhasibu aliitazama ile sifuri kwa muda, na uso wake ukaanza kulegea, kwanza mdomo, kisha macho.

"Sifuri haizidishi LPO," alisema. "Tena ubavu nilikula mimi."

Akagonga muhuri wa kupokea, akasaini, akaiingiza kwenye mfumo pale pale, na nilisimama nyuma yake mpaka niliposoma kwa macho yangu neno kwamba malipo yametumwa kuidhinishwa. Alinikumbusha risiti ya mashine iwe na namba hizo hizo, 3,540,000 na kodi 540,000, isitofautiane hata shilingi. Nikamwambia kimashine cha mama kinajua hesabu kuliko mimi.

Niliporudi, duka lilikuwa limeuza vizuri kuliko ninavyouza. Mama mkwe alikuwa ametoa kopi za vitambulisho vya watu na kuzipanga hela kwenye droo kwa ukubwa. Aliponisikia alitoka kwa mlango wa upande, akarudi kwenye benchi lake na kuupa mlango mgongo. Niliingia, nikasimama mbele ya mashine ya fotokopi.

"Mashine," nilisema. "Imepita."

Mabega yalishuka polepole ndani ya kitenge, na nikaona mkono wake ukikishika kikapu vishikioni, ukakishika kwa nguvu kama mtu anayemshika mtoto asianguke. Kisha alitoa simu, akampigia mwenye mchele, na kwa Kisukuma ambacho hata mimi nakielewa alimwambia malipo yako njiani, lori lake alipeleke kwingine.

Jioni mke wangu aliporudi kutoka Lamadi nilimsimulia yote. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha ghafla akaacha kucheka, akaniuliza kama mama alilia. Nikamwambia sijui, sikumtazama usoni.

Malipo yalitoka. Ng'ombe hawakupanda lori. Na baada ya mavuno ya pamba mama mkwe alipata kazi nyingine, kikao cha ushirika, akaniletea maelezo kwa mkono wa mke wangu. Nilitarajia jedwali. Ilikuwa karatasi ile ile ya daftari, sentensi zile zile ndefu za kusimulia, na nilianza kuwaka hasira zangu za kawaida mpaka nilipoona mstari wa kwanza kabisa, umepigiwa mstari chini: "Bei zote kodi imo ndani. Mkwe akiwa na swali aulize mashine."

Niliketi nikafanya kazi, watu, siku, sahani, maji. Mwishoni kabisa, chini ya gari na turubai, kulikuwa na sentensi moja ambayo haikuwahusu wa ushirika. Niliisoma, nikainuka, nikaenda mlangoni. Barazani, kwenye mguu wa benchi alilokalia siku ile, alikuwa amefungwa beberu mweupe, anatafuna kona ya tangazo langu la kopi.

"Mbuzi wa nyongeza wa mkwe," alikuwa ameandika, "mmoja, bei sifuri."